Somo: Kumwandikia ujumbe wa kuaga mwenzako wa nyumba anayehama

Mwenzangu tuliyepanga naye vyumba viwili Sinza kwa miaka miwili alipata kazi Dodoma. Siku tatu kabla hajaondoka nilishika simu nikaandika: "Shoga yangu, tumeishi vizuri, tumecheka na tumelia pamoja, Mungu akutangulie huko uendako." Nilipousoma tena nikaona huo ujumbe ningeweza kumtumia hata mhasibu wa shule anayestaafu. Nikaufuta. Hapa chini ni njia niliyoifuata hadi nikapata ujumbe wa kwake yeye peke yake.

Hatua ya 1: Malizeni hesabu kwanza

Maji, LUKU, mtungi wa gesi mlionunua kwa kuchangiana, na kodi. Kodi hasa, maana wengi tunalipa miezi sita kwa mkupuo, na anayetoka katikati anakuwa bado ana chake ndani. Hayo yaongeeni ana kwa ana, siku kadhaa kabla. Ujumbe wa kuaga ukibeba mstari mmoja tu wa "halafu ile elfu thelathini", mstari huo ndio atakaoukumbuka.

Hatua ya 2: Zunguka nyumbani

Ukikaa kitandani kutafuta kumbukumbu, yatakujia maneno makubwa: upendo, uvumilivu, udugu. Simama jikoni badala yake, uangalie vitu. Mimi niliona mita ya LUKU iliyofungwa juu mno, ndoo ya kijani tuliyokuwa tukisimama juu yake kuifikia, na sufuria yenye doa jeusi. Kila kitu kikaleta kisa chake. Niliandika visa sita kwenye karatasi, nikachagua viwili: kimoja cha kuchekesha, na kimoja cha siku aliyonifaa. Ukiweka vinne inageuka risala, na risala husomwa mwisho wa mwaka shuleni.

Hatua ya 3: Simulia, usitaje tu

Hapa ndipo wengi tunateleza. "Nakumbuka tulivyohangaika na LUKU" ni kutaja. Msomaji anaitikia kwa kichwa, anapita. Kusimulia kunahitaji saa, kitu kilichokuwa mkononi, na maneno yaliyosemwa kama bado unayakumbuka. Maneno yake yeye yana nguvu kuliko yako, kwa hiyo yaandike jinsi alivyoyasema, bila kuyanyoosha.

Kipimo changu ni hiki: ondoa jina lake juu ya ujumbe. Kama mtu mwingine uliyewahi kuishi naye angeweza kudhani ni wake, rudi kwenye karatasi ya visa.

Hatua ya 4: Utani

Tania lile ambalo yeye mwenyewe hulicheka. Mwenzangu alikuwa na alamu tano za saa kumi na moja alfajiri, zote zikiniamsha mimi na kumwacha yeye amelala. Alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho kila mara, kwa hiyo nilijua ni salama. Wanaume waliokuja na kuondoka, mshahara wake na ndugu zake waliokaa wiki tatu, hayo usiyaguse hata kama mlikuwa mkiyacheka wawili jikoni. Kwenye maandishi hakuna uso wa kuonyesha kwamba unatania. Na ukiona utani wote umemwangukia yeye, tafuta wa kujiangushia mwenyewe.

Hatua ya 5: Radhi, halafu funga

Kwetu kuagana bila kuombana radhi huonekana kama kuna kinyongo. Lakini "nisamehe kama nilikukosea" hakuna anayejua inasamehe nini. Omba radhi kwa jambo moja dogo la kweli. Dogo, nasisitiza. Siyo siku ya kufichua kwamba ulisoma meseji zake. Kisha funga kwa kitu kinachoendelea, badala ya milima haikutani, ambayo tayari ameandikiwa na watu kumi.

Ujumbe wenyewe

Sikuutuma siku ya kuhama. Siku hiyo mtu anahesabu mabegi na kubishana na dereva wa kirikuu, atakujibu kwa kidole gumba tu. Nilisubiri jioni ya pili, na kusubiri kukanipa mwanzo ambao nisingeubuni:

> Shoga, nyumba imekuwa kimya hadi nasikia friji ya jirani.
>
> Jana LUKU imeisha. Nikakumbuka ile saa nne usiku, mvua inanyesha, wewe umesimama juu ya ndoo ya kijani, mimi nakusomea namba 20 kwa tochi, nasoma sita badala ya tisa, mara tatu. Ukaniuliza, "Mwalimu, hao watoto huko shule wanapona kweli?" Jana nimepanda ndoo mwenyewe, nimejisomea mwenyewe, na nimekosea vilevile.
>
> Sijasahau ile wiki ya malaria. Ulitoka usiku na bodaboda kunitafutia dawa, ukarudi na dawa na limau moja, ukasema muuzaji hakuwa na chenji. Uji wa lile limau ndio kitu pekee kilichokaa tumboni.
>
> Alamu zako tano nimezichukia miaka miwili. Leo nimechelewa kazini.
>
> Nisamehe: sufuria yako ya bluu niliiunguza mimi, siyo yule mgeni tuliyemsingizia. Nimenunua nyingine, mdogo wako ataileta akija mwisho wa mwezi. Wali wa kwanza utakaopika humo, nitumie picha.

Alijibu kwa sauti, dakika nne. Tatu za mwanzo zilikuwa za sufuria.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama wa Mwanza:* Mwenzangu tumegombana mwaka mzima kuhusu usafi. Nikiandika mazuri atajua ni unafiki. Nifanyeje?

Jibu: Usiandike mazuri, andika la kweli moja. Hata mliyegombana naye kuna siku alikufungulia geti usiku wa manane. Kwa mfano: "Tumepishana mengi na wote tunajua. Lakini siku nilipofiwa, wewe ndiye uliyenipangia begi. Hilo sijalisahau. Safari njema." Basi, inatosha. Neno "mengi" liache hivyohivyo, usianze kuyataja.

*Mwanachama wa Mbeya:* Sisi ni wanaume. Nikimwandikia hivyo mshikaji atanicheka hadi Krismasi.

Jibu: Acha acheke. Ila kwenu punguza iwe mistari mitatu, utani utangulie na shukrani ije nyuma yake kama imepita njia: "Mwanangu, leo nimekula chipsi peke yangu, hakuna wa kuniibia kachumbari. Ile miezi miwili uliyonilipia kodi kimya kimya, naijua thamani yake." Hapo hakuna la kuchekwa, na ujumbe umefika.

*Mwanachama wa Morogoro:* Bado ananidai. Niseme humo kwamba nitalipa?

Jibu: Hapana. Lipa, au mpigie uahidi tarehe. Ndipo uandike.

*Mwanachama wa Temeke:* Tuko wanne ndani ya nyumba. Niandike kwenye grupu au kwake?

Jibu: Grupu iwe ya utani ambao wote mlikuwepo. Kile kisa cha siku aliyokufaa mwandikie kwake. Mbele ya wengine atalazimika kujibu kwa mzaha, na wewe utabaki unajiuliza kama aliusoma vizuri.

*Mwanachama wa Mwanza tena:* Na akiusoma asijibu?

Jibu: Usimuulize. Wangu wa kwanza, kabla ya huyu wa Dodoma, alikaa kimya miezi mitano, halafu siku moja akanitumia picha ya kikombe changu alichoondoka nacho.