SOMO: Kuandika sauti na toni kwenye kapsheni, kwa ajili ya viziwi na wasiosikia vizuri

Nimechoka kuulizwa hili kila wiki, namwaga hapa mara moja. Mfano wetu ni skiti: Asha yuko jikoni usiku, mume kachelewa.

1. Andika mazungumzo yote.

2. Zima sauti uangalie tena. Popote mtu anaposhtuka au kugeuka na huelewi kwa nini, pana sauti ya kuandika. Zingine achana nazo.

3. Sauti iwe kwenye mabano ya mraba.

4. Muda. Hapa ndo wengi wanaharibu. Glasi inavunjika sekunde ya 14, mtu anaibandika pamoja na maneno ya sekunde ya 12 ili asihangaike, matokeo yake kiziwi anajua glasi imevunjika kabla ya Asha mwenyewe, utamu wote kwisha. Tenganisha:

```
7
00:00:12,000 --> 00:00:13,900
Si ulisema saa mbili?

8
00:00:14,000 --> 00:00:15,500
[glasi inavunjika sebuleni]

9
00:00:16,000 --> 00:00:18,200
[kwa kejeli] Karibu, mfalme.
```

Angalia, hilo hapo juu ni faili la kapsheni la .srt, linataka koma kabla ya milisekunde, la .vtt ndo linataka nukta.

5. Toni andika tu pale maneno na sura havisemi. Asha katupa mgongo na maneno yake ni ya heshima, bila "kwa kejeli" mtu ataamini kweli anamkaribisha. Angekuwa anatutazama huku kabinua mdomo, nisingeandika kitu.

6. Sauti ya kuendelea iandike inapoanza, na inapokatika kama kukatika kwake kuna maana: [jenereta linanguruma], halafu [jenereta linazimika].

MASWALI

— Mkuu app yangu inaweka kapsheni yenyewe, si inatosha?
— Rudi hatua ya 2. Zima sauti uangalie hiyo video yako, ndo uje.

— Naweza kuandika "paa!" tu? Inachekesha zaidi
— Paa ya nini, risasi, mlango au kofi? Aliyezaliwa kiziwi hiyo "paa" haimwambii kitu. Andika [anapigwa kofi].

— Na muziki? Mi naweka taarabu chini
— Swali zuri dada. Kama maneno ya wimbo yanabeba hadithi, yaandike na alama ya ♪ mwanzo na mwisho. Kama ni wa kunogesha tu, taja aina na hali yake, [taarabu ya taratibu, ya huzuni]. Ukiandika [muziki] peke yake hujasema kitu, anaweza kudhani ni singeli.

— Mimi kiziwi, naongezea: msifunike mdomo wa anayeongea, wengine tunasoma na midomo. Na akiongea mtu asiyeonekana wekeni jina lake.
— Asante sana, la jina nililisahau. Mume akiita kutoka nje iwe [Juma, nje] Fungua mlango! Na mdomo ukiwa chini ya picha, kapsheni ipelekeni juu, kwa hiyo moja tu, halafu mrudishe chini.

— Kwa hiyo kapsheni za app hazifai?
— 😐 Hatua ya 2.