Kuweka samani za akili mnemba kwenye picha ya chumba kitupu bila kumdanganya mpangaji

Mwongozo huu unatokana na sebule ya mama mmoja wa Sinza, Dar es Salaam, ambaye nilimsaidia kuitangaza ikiwa tupu.

1. Picha. Piga mchana ukiwa kwenye kona, kwa lenzi ya kawaida ya simu, kwani lenzi pana hukirefusha chumba hata kabla ya samani kuingia. Picha hii ya asili usiifute.

2. Kuchagua eneo. Siipendi programu inayopokea picha nzima na kurudisha picha nzima, kwa sababu huchora chumba upya: kwetu iliondoa nondo za dirisha, soketi moja na doa la unyevu lililokuwa chini ya dirisha. Tumia inayokuruhusu kupaka kwa brashi mahali pa kuweka samani tu, na doa lisifunikwe hata kwa kochi.

3. Vipimo. Hapa ndipo nilipopoteza jioni nzima. Programu haijui ukubwa wa chumba, hivyo huchora kochi dogo linaloonekana kukaa vizuri, na sebule hugeuka ukumbi. Sebule ile ilikuwa na vigae vya sentimita 60, vitano kwa upana na saba kwa urefu, yaani mita 3 kwa 4.2. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa mita 2 hivi, ambao ni vigae vitatu na theluthi. Katika picha ya kwanza, kochi liliegemea ukuta wa mita 3, nami nilipohesabu vigae vilivyobaki wazi pande zake mbili nikapata vitatu, maana yake kochi lilichukua viwili tu, sentimita 120, ambazo hazitoshi watu watatu. Hesabu kwenye mstari ule ule ambao miguu ya kochi imekanyaga, kwa kuwa vigae vya karibu na kamera huonekana vikubwa zaidi, na usiombe zulia kabla ya kumaliza kupima, maana litaficha mistari. Ikiwa sakafu ni ya saruji, piga picha ya pili kutoka pale pale, ukiwa umebandika sakafuni utepe wa mita 2, uitumie kama rula. Kwetu kochi lilikaa sawa katika jaribio la sita, na meza ya kulia chakula tuliyoitaka ikakosa nafasi, kama ambavyo ingekosa kwa mpangaji.

4. Tamko. Liandike ndani ya picha yenyewe, juu ya sakafu, si pembezoni panapokatwa kwa urahisi, kwa kuwa madalali husambaza picha kwa WhatsApp na maelezo ya chini hubaki nyuma. Tuliandika: “Samani zimewekwa kwa akili mnemba. Chumba kinapangishwa kitupu.” Picha tupu ilifuata mara moja, na kwenye tangazo tukaongeza: “Sebule mita 3 kwa 4.2, kuna unyevu chini ya dirisha.”