Kabla ya kuamini bei ya mahindi mtandaoni, tazama nani aliyeipima

Mkulima wa Trans Nzoia anayetafuta bei ya mahindi kwenye simu hukutana na kurasa nyingi, na nyingi hazisemi bei zimetoka wapi. Anzia kwenye KAMIS, mfumo wa taarifa za masoko wa Wizara ya Kilimo ya Kenya, kwenye kamis.kilimo.go.ke. Hapo kila bei ina jina la soko, kaunti na tarehe, kwa hiyo unaweza kuihakiki.

Ukifungua mahindi makavu utaona safu mbili za bei: "Wholesale", yaani jumla, na "Retail", rejareja. Wengi huumia hapa. Tuseme Kitale jumla ni shilingi 40 kwa kilo na rejareja ni 60. Anayesoma rejareja hupiga hesabu ya gunia la kilo 90 akapata 5,400, kisha akamfukuza dalali anayempa 3,300 shambani. Lakini 60 kwa kilo ni bei ya anayenunua gorogoro moja sokoni. Bei inayokuhusu ni ya jumla, shilingi 3,600 kwa gunia, na hiyo ni ya mzigo uliokwisha kufika sokoni. Toa nauli ya 200 na 50 za wapakiaji, zinabaki 3,350. Dalali hakuwa mwizi. Angetoa 2,800, hapo ungekuwa na haki ya kukataa, mradi mahindi yako yamekauka vizuri.

Tarehe nayo isikupite. Bei ya wiki tatu zilizopita, wakati mavuno yanamiminika, haifai kuuzia. Soko likionyesha bei ileile bila kusogea hata senti kwa wiki kadhaa, shuku kwamba mtu ananakili ya zamani badala ya kwenda kuuliza. Mpigie mfanyabiashara wa soko hilo, umuulize leo ananunua kwa ngapi.

Kwa mvua, swali ni hilohilo. Programu nyingi za simu hutaja kijiji chako na asilimia ya mvua kana kwamba kuna kipimo pale. Mara nyingi namba hiyo imetoka kwenye kompyuta zinazokokotoa hali ya hewa ya dunia nzima. GFS ya Marekani, kwa mfano, hutoa data zake kwa vipande vya ardhi vya takriban kilomita 28 kila upande. Chini ya Mlima Elgon, kipande kimoja kinaweza kubeba mteremko wenye mvua na tambarare kavu, vyote vikapewa jibu moja. Tafuta jina la chanzo cha data sehemu ya "About" au chini ya ukurasa. Lisipokuwepo, usipandie mbegu kwa neno lake.

Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya uko meteo.go.ke, na ofisi yake ya kaunti hutoa wa eneo lako. Weka kipimamvua shambani, uandike milimita kila asubuhi saa tatu kando ya ulichotabiriwa. Msimu mmoja wa daftari hilo utakuonyesha ni chanzo kipi kinachokosea kwako, na kinakosea kwa kuzidisha au kwa kupunguza.