Kuharisha maji baada ya safari: namna ya kupima upungufu wa maji, na wakati wa kwenda hospitali

Mtoto wa dada yangu alirudi Pemba kutoka Dar es Salaam, akashuka bandarini Mkoani kajikunja. Kwa kuwa alitapika melini, nyumbani Wete wote wakasema ni bahari. Lakini bahari humwachia mtu akishakanyaga nchi kavu na kupata usingizi. Huyu alfajiri yake alianza kuharisha maji matupu, tumbo linamsokota. Akitoka chooni linatulia, baada ya nusu saa linarudi. Mimi ni muuguzi, ila nilipigiwa simu alasiri, wakati kosa lilikuwa limeshafanyika. Naandika tulivyofanya, na kosa lenyewe.

Hatua ya 1: Tazama choo

Maji ya njano au ya kahawia, hakuna damu, homa hakuna au ni ndogo: hilo ndilo tumbo la wasafiri. Mara nyingi linaletwa na bakteria aina ya E. koli waliokuwemo kwenye maji, barafu au kachumbari, na huisha lenyewe kwa siku tatu hadi tano. Msikimbilie flajili. Najua kila nyumba ina karatasi ya flajili iliyobaki, lakini dawa hiyo ni ya amiba na wenzake. Bakteria huyu haimgusi.

Ukiona damu, nenda hospitali, wala usimpe mgonjwa vidonge vya kufunga choo. Ukiona choo cheupe kama maji yaliyooshewa mchele, kinamwagika kwa wingi, usisome hatua zilizobaki. Hicho huenda ni kipindupindu, na mtu mzima anaweza kupoteza hata lita nzima kwa saa. Ondokeni sasa hivi, anywe ORS njiani.

Hatua ya 2: Changanya ORS

Hapa ndipo tulipopoteza saa sita.

Mdogo wake alinunua pakiti ya ORS, akaimimina yote kwenye chupa ya maji ya nusu lita. Pakiti ilikuwa ya lita moja. Mgonjwa akapiga mafunda mawili, akasema, "Hii chumvi kama maji ya bahari," akaiweka chini na kuhamia kwenye soda. Vyote viwili vilimdhuru. Chumvi ikizidi, maji yanavutwa kutoka mwilini kuingia kwenye utumbo, na kiu inapanda. Sukari nyingi ya soda nayo huvuta maji vivyo hivyo, kuharisha kukazidi. Nilipofika, chupa ilikuwa bado imejaa karibu yote, na ameshakwenda chooni mara tisa.

Kosa la upande wa pili lipo pia: pakiti moja kwenye chupa kubwa ya lita moja na nusu. Hiyo inanyweka vizuri, ila chumvi yake haitoshi kurudisha iliyopotea.

Kwa hiyo kwanza soma pakiti. Nyingi ni za lita moja, lakini zipo ndogo za mililita 200. Kama ni ya lita moja, jaza chupa mbili za nusu lita kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, zimimine kwenye jagi, kisha tia pakiti nzima na ukoroge mpaka unga wote uyeyuke. Usigawe pakiti nusu kwa kukisia. Usiichanganye na chai, juisi wala dafu, usiongeze sukari, na usiichemshe baada ya kuchanganya. Ikipita siku moja, saa 24, mwaga utengeneze nyingine.

Pakiti hakuna? Lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe kwa kisu, visiwe na mlima. Onja kabla ya kumpa mgonjwa: isizidi chumvi ya machozi. Wako wanaopima chumvi kwa ncha za vidole, mimi sikubali, vidole vya mvuvi na vya bintiye si kipimo kimoja. Na dafu ni zuri kwa potasiamu, lakini sodiamu yake ni ndogo. Lifanye nyongeza, lisishike nafasi ya ORS.

Hatua ya 3: Pima upungufu

Nilimuuliza: "Mara ya mwisho umekojoa saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, mama mdogo. Kidogo tu, rangi ya chai kavu."

Swali hilo naliamini kuliko yote. Kisha nikamwambia asimame. Akashika ukuta, kizunguzungu. Ulimi mkavu, kiu kali. Macho niliona yamezama, lakini usiamini macho yako peke yako, muulize anayeishi naye kama ndivyo alivyo siku zote. Mwisho nikabana ngozi ya mkono kwa vidole viwili nikaiachia: ikarudi taratibu, lakini haikufika sekunde mbili. Kwa mtoto bana ngozi ya tumbo. Kwa mzee kipimo hiki hudanganya, kwani ngozi yake imelegea hata akiwa mzima.

Huo ni upungufu wa kati: anaweza kutibiwa kwa mdomo, mradi ananyweka. Ngozi ikibaki imesimama kwa sekunde mbili au zaidi, mtu analegea, anasema ovyo, mikono ya baridi, au hawezi kunywa, huo ni mkali na unataka dripu.

Hatua ya 4: Kunywa

Mtu mzima mwenye upungufu wa kati anahitaji kama lita mbili hadi nne ndani ya saa nne za mwanzo, funda kwa funda. Akitapika, subiri dakika kumi, uanze tena polepole zaidi. Baadaye, kikombe kimoja au viwili kila akitoka chooni. Ale uji au wali akitaka. Kijana wetu alianza saa kumi jioni. Hadi isha alikuwa amemaliza lita mbili na nusu, akakojoa, rangi imefunguka. Msokoto ulibaki siku mbili nyingine, na hilo halikunitisha.

Mtoto mdogo hapimwi kwa kiwango hiki, mpeleke kituoni. Atapewa na zinki.

Hatua ya 5: Wakati wa kuondoka

Nenda kama ameshakunywa kwa saa nne na bado hakojoi, au anatapika kila anachomeza, au kuharisha kumepita siku tatu bila kupungua. Mjamzito, mzee, mwenye kisukari na anayemeza vidonge vya presha vya kukojoza wasingoje kiasi hicho, waende mapema.

Homa ni jambo la peke yake. Wengi wanaopatikana na malaria huku kwetu wametoka bara, na malaria inaweza kuja na kuharisha na kutapika. Mwenye homa aliyetoka safari apimwe malaria siku hiyohiyo, hata kama tumbo linaonekana ndilo shida.

Na hesabu njia. Aliyeko Chake Chake anaweza kungoja mpaka usiku, hospitali ipo karibu. Aliyeko Kojani au Kisiwa Panza lazima avuke kwa chombo, kwa hiyo uamuzi wake ni wa alasiri. Kama saa kumi na moja jioni bado hajakojoa, avuke kukiwa na mwanga.

Mkifika, mtaulizwa mambo manne, yaandikeni kwenye karatasi kabla hamjatoka: ameharisha mara ngapi tangu saa ngapi, amekojoa lini, amekunywa nini kwa kiasi gani, na ametoka wapi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau kulisema.