Jinsi ya kuomba mwandiko ukaguliwe kisheria Malindi, na picha mbili za simu zinakufikisha wapi

Nawaandikia nyinyi mnaonitumia picha mbili za karatasi kwa watsapu halafu swali ni moja tu: "Ami, hebu tizama, huu si mkono wa mtu mmoja?" Mara nyingi ni mambo ya shamba. Mzee amefariki, arubaini haijaisha, anatokea mtu na karatasi kwamba mzee alimuuzia, na watoto wanasema huo si mwandiko wa baba. Picha zinaweza kukwambia kama kuna kitu cha kufuatilia, lakini kuthibitisha nani aliandika ni kazi nyingine, na ina njia yake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Karatasi ya kwanza tuiite A, nusu ukurasa, inasema marehemu amepokea shs 150,000/= za shamba la minazi Mambrui, tarehe 14/3/2016, chini kuna sahihi. Ya pili tuiite B, ukurasa wa daftari la madeni la duka lake. Zote umeletewa kwa simu.

Kabla hujalinganisha herufi yoyote, uliza B ilitoka wapi na nani anajua kwa hakika kwamba marehemu ndiye aliyeiandika, manake daftari la duka huandikwa na kila mtu, mke, kijana wa duka, mpwa aliyekuja likizo. Mwaka 1983 kule Ujerumani yalitokea madaftari yakasemwa ni ya Hitler, wakaguzi wa mwandiko wakalinganisha wakasema ni mkono mmoja, na kweli ulikuwa mkono mmoja, kwa sababu baadhi ya karatasi walizopewa kulinganishia nazo zilikuwa zimeghushiwa na yule yule aliyeghushi madaftari! Kwa hivyo tafuta vitu visivyo na ubishi: fomu aliyojaza ofisini, barua kwa shule, hundi. Viwe vya miaka ya karibu na 2016, mkono wa mtu hubadilika akizeeka au akipata ugonjwa wa kutetemeka. Na viwe vya aina moja na A, herufi kubwa zilinganishwe na kubwa, sahihi na sahihi. Ukurasa mmoja hautoshi, tafuta kurasa nne tano au zaidi.

Picha nazo piga upya kama karatasi unaweza kuzifikia. Watsapu inaibana picha, kingo za wino zinakuwa vijiraba vijiraba, na ukikuza unaona kama mkono ulitetemeka kumbe ni picha. Mwambie aliye nayo aitume kama dokumenti, si kama picha. Karatasi ilale mezani, mwanga wa mchana, rula kando yake, simu juu kabisa bila kuinama. Simu ikiinama kidogo tu mlalo wa herufi unabadilika na mistari ya chini inakuwa minene kuliko ya juu, halafu wewe unakaa kusema "huyu huandika kwa kulala kulia". Skana ya sibakafe ni bora zaidi, waambie waiweke dipiai 600.

Sasa kulinganisha. Watu wengi hapa huchukua A na B wakaanza kutafuta kinachofanana, na vinavyofanana havikosekani kamwe. Anza na B peke yake. Kata kila "k" iliyomo, zipange mstari mmoja, uone marehemu mwenyewe anazungukia wapi, kwa sababu hakuna mtu anayeandika "k" ileile mara mbili. Fanya hivyo kwa "g", kwa "sh", kwa tarakimu. Ukishajua mipaka yake ndiyo uende kwa A uulize, hizi za huku zinaingia ndani ya mipaka ile au zinatoka?

Kwenye mfano wetu, mlalo unafanana, ukubwa unafanana, "k" zote mbili zina kitanzi juu. Usifurahi bado. Hayo ni mambo ya shuleni, waliofundishwa na mwalimu mmoja wataandika hivyo, na ndugu wa nyumba moja ndiyo usiseme. Kuna utafiti uliotoka 2022, wakaguzi 86 wa kazi hiyo walijaribiwa na miandiko, na pale ambapo waandishi walikuwa wawili tofauti walikosea wakasema ni mmoja kama asilimia 3.1 ya mara zote. Wale wawili wakiwa mapacha, makosa yalipanda hadi 8.7. Na hao ni watu wa fani.

Tizama alama ya pesa basi. Kwenye daftari, marehemu akiandika /= mkono haunyanyuki kwenye ile mistari miwili, anaiunganisha inatoka kama z ndogo. Na sufuri tatu za elfu anazifunga juu kwa kamba, moja inaingia nyingine. Kwenye A ile mistari miwili imesimama mbalimbali, safi, na kila sufuri imefungwa peke yake, tena imeanzia chini. Hiki ndicho kitu cha thamani, kwa sababu hakuna mwalimu anayefundisha namna ya kufunga sufuri, na anayeiga mkono wa mtu anaangalia umbo la herufi na sahihi, haangalii mkono ulipita wapi. Tofauti moja ya namna hii, ikiwa inajirudia na haina maelezo, inashinda vinavyofanana kumi.

Lakini maelezo lazima uyatafute kwa bidii ile ile. Daftari ni la haraka, A ni karatasi ya heshima, mtu akiandika taratibu huenda anatenganisha sufuri. Hapo ndipo ile barua ya shule inakufaa: ameandika taratibu, ina kiasi cha karo, na sufuri bado zimefungwa kwa kamba. Sasa umepata kitu. Unachoweza kusema ni kwamba kwenye picha hizi kuna dalili kwamba aliyeandika A si aliyeandika B, na inafaa karatasi yenyewe ikaguliwe. Basi. Huwezi kusema nani aliyeandika A, na tafadhali usitaje jina la shemeji yako kwenye grupu ya familia.

Mgandamizo wa kalamu picha haikuonyeshi, wala alama zilizobaki kwenye karatasi ya chini, wala kama sahihi imekatwa kutoka hati nyingine ikabandikwa kwa kompyuta. Sahihi mbili zikilingana nukta kwa nukta ukizipandisha moja juu ya nyingine, ndiyo ushtuke zaidi, hiyo huenda imefuatishwa au imenakiliwa.

Na kuna jambo ambalo linaua kesi nyingi. Hati ya mauziano huku kwetu mara nyingi haiandikwi na muuzaji, inaandikwa na mzee wa mtaa au mwalimu, muuzaji anatia sahihi tu. Kwa hivyo hata ukithibitisha maneno ya A si mkono wa baba, hujathibitisha kwamba hakuuza. Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3(3), inataka mkataba wa ardhi uwe wa maandishi, utiwe sahihi na pande zote, na sahihi zishuhudiwe. Uliza mashahidi ni nani kabla hujahangaika na "k". Kama chini kuna kidole gumba badala ya sahihi, achana na mwandiko kabisa, omba alama ya kidole ndiyo ikaguliwe.

Haya, kuomba kwenyewe. Kama unasema hati imeghushiwa, hilo ni kosa la jinai, nenda stesheni ya polisi ukaandikishe, upewe namba ya OB. Bure, usitoe kitu. Utaandika taarifa, na ofisa wa upelelezi atakusanya A yenyewe pamoja na zile karatasi zisizo na ubishi, ajaze fomu ya vielelezo, azipeleke kwa wakaguzi wa hati wa DCI, makao makuu yako Barabara ya Kiambu, Nairobi. Wewe mwenyewe hupeleki. Karatasi asili usizilamineti, usizitoboe, usizipige stepla, na ukiziweka kwa bahasha andika juu ya bahasha kabla hujaziingiza, manake ukiandika zikiwa ndani kalamu inaacha alama kwenye kielelezo.

Kama kesi iko tayari Mahakama ya Ardhi na Mazingira hapa Malindi, wakili wako anapeleka ombi na hati ya kiapo, akiomba aliye na A aitoe na ikaguliwe. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, ndiyo mnayoegemea: kifungu cha 48 kinaruhusu maoni ya mtaalamu wa mwandiko, cha 50 kinaruhusu anayeujua mkono wa mtu kwa mazoea, kama mke au karani wa duka, na cha 76 kinaruhusu kulinganisha na karatasi zilizokubaliwa, hata korti kumwambia aliyepo mbele yake aandike papo hapo. Marehemu hawezi kuandika tena, ndiyo maana zile barua zake ni mali. Mkibaki na picha tu, kuna cheti cha kifungu cha 106B kwa ushahidi wa kielektroniki, lakini hicho kinaisaidia picha kupokewa tu, hakirudishi kilichopotea kwenye picha.

Zile karatasi zisizo na ubishi zipe namba, B1, B2 na kuendelea, halafu swali lenyewe liandike bila kuegemea upande:

"Naomba ikaguliwe kama maandishi na sahihi kwenye hati A yameandikwa na mwandishi wa hati B1 hadi B6."

Usiandike "thibitisha kwamba fulani ameghushi", na hadithi ya ugomvi wa familia usimpe mkaguzi, anayejua jibu unalolitaka ni rahisi kuliona hata pasipokuwepo. Sahihi na maandishi yaombewe yote mawili, yanaweza kupata majibu tofauti.

Ripoti ikirudi soma maneno yake taratibu. Kuna "ni mwandishi mmoja", kuna "inaelekea", kuna "dalili tu", na kuna "haiwezekani kuamua". Hilo la mwisho si kwamba umeshindwa wala si kwamba mwenzako ameshinda, mara nyingi linamaanisha sampuli ni chache au walipewa kopi, na ukipata hati asili au karatasi zaidi za miaka ile unaweza kuomba tena. Na ripoti ikikupendelea pia hakimu hafungwi nayo, ni maoni ya mtaalamu, atayapima pamoja na mashahidi waliokuwepo siku ile Mambrui.