Somo: Kuandika upya aya ya mapitio iliyojaa "naye fulani anaeleza"

Kila msimu wa tasnifu napokea sura za mapitio ya kazi tangulizi zenye mwendo uleule: jina, mwaka, "anaeleza kuwa", halafu "naye", halafu "kwa upande wake", halafu "aidha". Mwisho inakuja sentensi ya kufungia: kazi hizi zina mchango mkubwa, ila hazikushughulikia mada yetu. Mwandishi amesoma kweli na amekesha, lakini yeye mwenyewe hayumo kwenye aya.

Tuchukue aya moja tuishughulikie mpaka mwisho. Mada ni lugha ya kufundishia katika sekondari za Tanzania, na mfano huu nimeutunga kwa kufuata namna wanafunzi wanavyoandika:

> Mlama na Matteru (1978) walichunguza matumizi ya Kiswahili katika kufundishia na wakapendekeza kitumike. Tume ya Makweta (1982) nayo ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari. Aidha, Criper na Dodd (1984) walibaini kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi kiko chini. Kwa upande wao, Roy-Campbell na Qorro (1997) wanaeleza kuwa Kiingereza ni kikwazo kwa elimu. Kazi hizi ni muhimu kwa utafiti wetu, ila hazikuchunguza shule za wilaya yetu.

Hatua ya 1: Badilisha mpangilio wa sentensi. Peleka ya 1997 mwanzoni, ya 1978 mwishoni. Je, kuna kilichoharibika? Hakuna, na hapo ndipo tatizo linapoonekana. Aya yenye hoja ukiihamisha sentensi moja inachechemea, kwa sababu kila sentensi imeegemea iliyoitangulia.

Hatua ya 2: Tenganisha walichokiona na walichokishauri. Chora jedwali lenye safu nne: walipima nini, kwa njia gani, waliona nini, walishauri nini. Wanafunzi wengi huandika safu ya mwisho peke yake, na ugomvi wa kitaaluma mara nyingi umejificha katika zile tatu za mwanzo.

Mtazame Criper na Dodd. Aya yetu inawaweka kundi moja na wenzao, kana kwamba wote wanasukuma gari upande mmoja. Jedwali litakuonyesha vingine. Walipima Kiingereza cha wanafunzi, pamoja na majaribio ya kujaza nafasi zilizoachwa wazi katika vifungu vya habari, wakakuta wengi hawawezi kuitumia lugha hiyo kusomea. Hata hivyo walishauri Kiingereza kibaki na kiimarishwe. Mlama na Matteru, waliotumwa na Baraza la Kiswahili la Taifa, waliingia madarasani. Waliona darasa likichangamka pale mwalimu alipohama kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, nao wakashauri lugha ibadilishwe.

Ugonjwa ni mmoja, dawa ni mbili. Mwanafunzi wetu alikuwa na jambo hili mkononi akalipita.

Hatua ya 3: Uliza ni dhana gani imewatenganisha. Ikiwa waliona jambo moja wakashauri tofauti, kuna kitu katikati ambacho hakikupimwa. Kwa Criper na Dodd, ni imani kwamba Kiingereza kinaweza kuinuliwa huku masomo mengine yakiendelea kufundishwa kwa lugha hiyohiyo. Majaribio yao yanaonyesha lugha iko chini, lakini hayaonyeshi kwamba itapanda.

Sasa geukia upande unaoupenda, na hapa wengi hushindwa. Mlama na Matteru wanachukulia kwamba darasa lililochangamka ni darasa lililoelewa. Inawezekana ni kweli, lakini kuchangamka si kuelewa. Ukimbana mmoja tu, msomaji atakuona wakili wa upande mmoja.

Hatua ya 4: Andika sentensi ya kwanza isiyo na jina wala mwaka. Hiyo ni sentensi yako. Ikikushinda, rudi hatua ya tatu, kwa maana bado hujajua unachodai.

Hatua ya 5: Waite waandishi kama mashahidi wa sentensi hiyo, na uchague vitenzi. "Anaeleza" haimwambii msomaji lolote kuhusu uzito wa ushahidi. Tumia *walipima* walipopima, *wanachukulia* wasipothibitisha, *wanakiri* jambo linapowaumiza wao wenyewe.

Aya mpya ni hii:

> Mjadala wa lugha ya kufundishia Tanzania hauhusu kama wanafunzi wa sekondari wanakimudu Kiingereza, bali nini kifanyike kwa kuwa hawakimudu. Hata Criper na Dodd (1984), walioshauri Kiingereza kibaki, walipima na kukuta wengi hawawezi kukitumia kusomea. Ushauri wao, hata hivyo, hautokani na vipimo hivyo: unachukulia kuwa lugha itaimarika huku masomo yakiendelea kufundishwa kwayo, jambo ambalo hawakulipima. Mlama na Matteru (1978) walikwishaonyesha darasa likichangamka mwalimu anapotumia Kiswahili, na Tume ya Makweta (1982) ikapendekeza mabadiliko. Lakini kuchangamka kwa darasa si kipimo cha kuelewa somo. Madai ya Roy-Campbell na Qorro (1997) kuwa Kiingereza ni kikwazo kwa elimu yenyewe yanahitaji kipimo cha tatu: si cha lugha, si cha uchangamfu, bali cha kiasi ambacho mwanafunzi amekielewa katika somo husika.

Waandishi ni walewale. Hebu jaribu kuhamisha sentensi sasa. Ona pia kwamba Tume ya Makweta imepata nusu sentensi tu. Inatosha, kwa kuwa katika hoja hii kazi yake ni ndogo. Si lazima kila chanzo kipewe nafasi sawa.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili tu, na mmoja wa ninaowapitia ndiye msimamizi wangu. Nitampingaje?

Marahaba. Usimpinge yeye, pima hatua aliyoichukua kutoka alichokiona hadi alichokihitimisha. Anza kwa kumpa haki yake: "Data za fulani zinathibitisha kwamba…", kisha: "ila hazitoshi kuhitimisha kwamba…". Angalia aya yetu: vipimo vya Criper na Dodd hatukuvigusa, tulivikubali kabisa. Kabla ya kumpa rasimu, mweleze kwa mdomo kwamba umefika kwenye kazi yake, umwonyeshe ukurasa.

Mbona LOITASA, ule mradi wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, haumo? Wale walishalinganisha madarasa ya Kiswahili na ya Kiingereza.

Asante sana, umepiga penyewe. Mradi ule ulianza 2002, na waliofundishwa kwa Kiswahili walifanya vizuri zaidi. Ndiyo maana aya yangu imeishia kwenye "yanahitaji kipimo cha tatu" na si "hakuna aliyepima". Ukiandika "hakuna", msahihishaji anayeujua mradi huo anakuangusha hapohapo. Aya inayofuata ianze na LOITASA kama jibu la hitaji hilo, halafu ubishane nao pia: shule ngapi, masomo gani, kwa muda gani? Pengo lako litoke kwenye majibu ya maswali hayo. Kusema wilaya yako haikuchunguzwa hakutoshi, mpaka ueleze kuna nini huko kinachoweza kubadilisha matokeo.

Vyanzo vyangu vyote vinakubaliana. Nibishane na nani?

Angalia kila mmoja amejuaje. Katika mada hii hii utakutana na kazi nyingi zinazosema Kiingereza kiko chini, na ukifuata rejea zake unajikuta umerudi kwenye vipimo vilevile vya 1984. Hapo huna mashahidi watano, una mmoja aliyesimuliwa mara tano. Liandike hilo waziwazi, kisha uliza kama hali ya wanafunzi wa wakati ule inaweza kusemea darasa unalolichunguza leo. Na ripoti yenyewe uitafute uisome, usimnukuu Criper kupitia mdomo wa mtu mwingine.