Mfuko wa kitambaa: pembe za kitako zisikatwe kiholela

Mkishona mfuko wa kubebea kwa kitambaa kimoja kilichokunjwa chini, msikate pembe kwa mraba kamili. Chini hakuna mshono unaokula kitambaa, ila ubavuni upo.

Chukua mfano wa kitako cha upana wa sentimeta 10, na mishono yote iwe ya sentimeta 1 kutoka ukingoni. Ubavuni pima 5 kutoka ukingoni, lakini kwenda juu pima 4 tu kutoka kwenye mkunjo. Ukishashona mbavu, ile 5 inabaki 4, na kingo mbili za pembe zinakutana sawasawa. Mshono wa pembe unaingia tena sentimeta 1, hivyo 4 inakuwa 5 kila upande wa katikati, ndipo kitako kinatoka 10.

Mimi nilikuwa nakata 5 kwa 5. Ukingo mmoja ulitoka 8, mwingine 10. Nikauvuta kwa pini, pembe ikajikunja.

Kama chini pana mshono wa sentimeta 1 pia, hapo 5 kwa 5 ni sahihi. Kabla ya kushona pembe, bana mshono wa ubavu juu ya mstari wa katikati ya kitako, upime kingo zote mbili kwa rula.